Mlango mmoja wa kumbukumbu, wateja wawili: kwa nini kache ya amri hutenganishwa na ya data

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninaunda prosesa ndogo ya RISC-V yenye mkondo wa hatua tano kwa ajili ya mradi wa mwaka wa mwisho. Kumbukumbu ni moja na ina mlango mmoja. Programu za kujumlisha rejista zinakwenda vizuri, ila nikiweka `lw` kuna amri inapotea mbele yake. Nimeambiwa huo ni mgongano wa kimuundo na dawa yake ni kache mbili, ya amri na ya data. Sasa zinauondoaje ikiwa kumbukumbu kuu bado ni moja? Na kwa nini nisiweke kache moja kubwa tu?

Jibu: Marahaba. Hesabu amri zilizo baada ya `lw`, utaona inayopotea ni ya tatu kila mara. Sababu yake inaonekana ukiuchora mkondo mzunguko kwa mzunguko. Hatua zako tano nitaziita C (kuchota amri), F (kuifasiri), K (kukokotoa), M (kugusa kumbukumbu) na A (kuandika jibu kwenye rejista). Chukua amri hizi nne:

```
lw   t0, 0(a0)
addi a0, a0, 4
add  s1, s1, t1
sub  s2, s2, t2
```

Katika mzunguko wa 4, `lw` imefika M na inataka kusoma neno lake la data. Mzunguko huohuo `sub` ndiyo inapaswa kuchotwa. Wote wawili wanataka kumbukumbu, na mlango unapokea anwani moja tu kwa mzunguko. Kwa hiyo `sub` inabidi isubiri, na mchoro sahihi unakuwa hivi:

```
mzunguko  1  2  3  4  5  6  7  8  9
lw        C  F  K  M  A
addi         C  F  K  M  A
add             C  F  K  M  A
sub                -  C  F  K  M  A
```

Kistari kile ni kiputo: nafasi inayopita kwenye mkondo bila kazi yoyote ndani yake. `addi` na `add` nazo zinapita M katika mizunguko ya 5 na 6, ila hazigombani na mtu, kwa sababu zinapita tu bila kugusa kumbukumbu. Wanaoleta ugomvi ni `lw`, `sw` na ndugu zao.

Angalia pia kwamba `sub` haina uhusiano wowote na `lw`. Haitumii `t0`, haitumii `a0`. Ndiyo maana njia za kupitisha jibu mapema kutoka hatua moja kwenda nyingine hazisaidii hapa. Hizo zinatibu utegemezi wa data, na huu si utegemezi. Kupanga upya amri nako hakusaidii, maana yoyote utakayoiweka katika nafasi ile ya tatu lazima ichotwe kupitia mlango uleule. Wanafunzi wengi hujaribu kuweka `nop` pale. Lakini `nop` nayo ni neno la biti 32 lililo kwenye kumbukumbu, nayo inachotwa kama amri nyingine. Huu ni mgongano ambao programu haiwezi kuukwepa. Vifaa vyenyewe ndivyo vinavyopaswa kusimamisha uchotaji, au kuwe na mlango mwingine.

Katika muundo wako inaelekea hakuna kinachosimamisha. Swichi ya anwani inageuka upande wa data `lw` inapofika M, na hilo ni sawa. Lakini rejista iliyo kati ya C na F inaendelea kupokea chochote kinachotoka kwenye kumbukumbu, na `pc` inaendelea kuongezeka kwa 4. Matokeo yake, neno la data ulilolisoma linaingia kwenye F na kufasiriwa kama amri, huku `sub` ikirukwa. Hapo ndipo dalili inapoweza kukudanganya. Ikiwa neno lililosomwa ni 0, mfasiri wako akiwa makini atalikataa, kwa sababu katika RISC-V neno la sufuri tupu si amri halali. Lakini ikiwa safu yako ina namba 19 mahali pale, 19 ni `0x00000013`, yaani `addi x0, x0, 0`, ambayo ndiyo `nop` yenyewe. `sub` itatoweka kimya kimya na hutaona kosa lolote mpaka ufike kwenye jibu. Fungua mchoro wa mawimbi, tafuta mzunguko ambao `lw` iko M, kisha linganisha neno linaloingia F na neno linaloingia A mzunguko unaofuata. Yakiwa ni mamoja, umempata.

Marekebisho ya kwanza, kabla hujafikiria kache, ni haya. Nimechukulia kumbukumbu inayojibu ndani ya mzunguko uleule:

```
assign mem_addr = data_req ? alu_out : pc;
assign fd_in    = (data_req | branch_taken) ? 32'h00000013 : mem_rdata;
assign pc_en    = !data_req | branch_taken;
```

Data inapewa kipaumbele, na ni lazima iwe hivyo. Ukimpa mchotaji kipaumbele, `lw` inakwama M, kila kilicho nyuma yake kinakwama, na mchotaji anakosa mahali pa kuweka amri aliyoichota. Akiendelea kuushika mlango, mashine nzima inasimama moja kwa moja.

Sehemu ya `branch_taken` katika mstari wa mwisho usiiache. Fikiria `sw` inayofuatwa papo hapo na `bnez`. `sw` ikiwa M, `bnez` iko K na imeamua kuruka. Ukiifunga `pc` kwa sababu tu mlango umeshikwa, anwani ya kurukia haiingii, mzunguko unaofuata `bnez` imeshasonga mbele, na mruko umepotea. Kitanzi kinachoishia kwa `addi` kisha `bnez` hakionyeshi kasoro hii hata kidogo. Kile kinachoishia kwa `sw` kisha `bnez` ndicho kinaionyesha. Jaribu vyote viwili.

Baada ya hapo prosesa yako itakuwa sahihi, ila itakwenda polepole, na unaweza kujua ni polepole kiasi gani bila kuiendesha. Ihesabu kwa upande wa mlango. Kila amri inautumia mara moja ili ichotwe, na kila `lw` au `sw` inautumia mara nyingine ya ziada. Mlango ukitoa huduma moja kwa mzunguko, basi mizunguko haiwezi kuwa michache kuliko amri zote kujumlisha na miguso yote ya data. Chukua kitanzi cha kunakili maneno:

```
rudia: lw   t0, 0(a0)
       addi a0, a0, 4
       addi a2, a2, -1
       sw   t0, 0(a1)
       addi a1, a1, 4
       bnez a2, rudia
```

Amri 6, miguso ya data 2, jumla huduma 8 kwa kila mzunguko wa kitanzi. Ukinakili maneno 1000, na ukiweka kando gharama ya kuruka, hiyo ni mizunguko 8000 badala ya 6000. Kwa saa ya megahezi 50 ni mikrosekunde 160 badala ya 120. Theluthi nzima ya muda imeongezeka, na hakuna hesabu yoyote mpya iliyofanyika.

Sasa nije kwenye kache mbili. Swali lako la kumbukumbu kuu kubaki moja ni zuri, kwa sababu wengi wanaambiwa "gawanya kache" bila kuelezwa mgongano umekwenda wapi. Hatua C inapewa kache yake ya amri, yenye waya zake za anwani na za data. Hatua M inapewa kache yake ya data, nayo ina waya zake. Katika mzunguko wa 4 wa mchoro ule, `lw` inasoma kwenye kache ya data na `sub` inasoma kwenye kache ya amri, kila mmoja kwa mlango wake, na kistari kinaondoka. Hakuna msuluhishi kati yao kwa sababu hakuna wanachoshirikiana.

Kumbukumbu kuu bado ina njia moja, na mgongano bado upo kule. Kilichobadilika ni mara ngapi unafika huko. Tuchukue namba za mfano. Katika kila amri 1000 kuna miguso ya data 300. Kache ya amri inakosa mara 5 na ya data mara 12, na kila kukosa kunachukua mizunguko 20 kuleta bloku kutoka kumbukumbu kuu. Zamani wateja wawili walikutana mlangoni mara 300. Sasa njia ya kumbukumbu kuu inatumika mara 17 tu, na wateja wanaweza kugongana pale tu ambapo kache zote mbili zimekosa katika wakati mmoja. Likitokea, mmoja anasubiri mwenzake amalize ile mizunguko 20, kisha zamu yake inafika. Kusubiri huko ni kurefu kuliko kiputo kimoja, lakini hutokea mara chache mno kiasi kwamba katika hesabu ya mwisho hakuonekani.

Kuhusu kache moja kubwa, hoja yako ina ukweli ndani yake. Kache moja ya kilobaiti 16 hujigawa yenyewe kulingana na programu: kitanzi kidogo kinachopita kwenye data nyingi kitaitumia karibu yote kwa data. Ukiigawa nusu kwa nusu, upande wa amri unakaa mtupu huku upande wa data ukifurika. Kwa hiyo kache ya pamoja kwa kawaida hukosa mara chache kidogo. Tuseme inakosa mara 15 kwa kila amri 1000, dhidi ya 17 za kache mbili. Lakini ikiwa na mlango mmoja, inarudisha vile viputo 300. Gharama yake ni 15 mara 20, yaani 300, ongeza 300 za viputo: mizunguko 600 ya kusubiri. Kache mbili ni 17 mara 20, yaani 340. Zimeshinda kwa mbali.

Badilisha namba moja tu uone. Weka gharama ya kukosa iwe mizunguko 200 badala ya 20. Kache ya pamoja inakuwa 3000 na 300, jumla 3300. Kache mbili zinakuwa 3400. Sasa ya pamoja imeshinda, ingawa kwa kidogo. Kwa mashine yako yenye kumbukumbu ya karibu jambo hili halikugusi, lakini ndilo linaloeleza umbo utakaloliona katika karibu kila prosesa ya leo: kache ya ngazi ya kwanza imegawanywa, na ya ngazi ya pili ni ya pamoja. Ngazi ya kwanza inaguswa kila mzunguko, kwa hiyo mlango ndio tatizo kubwa. Ngazi ya pili inaguswa pale tu ya kwanza ilipokosa, kwa hiyo mlango hauna msongamano, na kinachotakiwa ni nafasi inayotumika yote.

Utasema: basi iwe kache moja yenye milango miwili. Inawezekana, na gharama yake iko ndani ya kila seli. Seli ya kawaida ya kache ina transista 6, waya mmoja wa kuichagua na waya wawili wa biti. Mlango wa pili kamili unaongeza transista 2, waya mwingine wa kuchagua na waya wengine wawili wa biti. Seli inapanuka pande zote mbili, waya zinarefuka, na usomaji unachelewa. Na kache ya ngazi ya kwanza ndiyo mara nyingi inayoamua saa ya prosesa iende kasi gani. Kache mbili za mlango mmoja zinabaki na seli ndogo, na juu ya hapo unaweza kuziweka mahali tofauti kwenye kipande, moja kando ya kichotaji na nyingine kando ya kikokotoo. Ya amri, isitoshe, haiandikwi na programu, hivyo haihitaji alama za bloku zilizobadilishwa wala foleni ya kuandika. Napenda muundo huu kwa sababu hiyo: kila upande unabeba tu kile unachokihitaji.

Historia ya prosesa za kweli inaonyesha jambo lilelile. ARM7TDMI, iliyotumika sana kwenye simu za mkononi mwishoni mwa miaka ya 1990, ina mkondo wa hatua tatu na njia moja ya kumbukumbu kwa amri na data. Kupakia neno kunachukua mizunguko 3 na kuhifadhi mizunguko 2, kwa kuwa uchotaji hauwezi kuendelea wakati data inapita. ARM9TDMI iliyofuata ilipewa hatua tano na njia mbili tofauti. Kupakia kukashuka hadi mzunguko 1, mradi amri inayofuata haihitaji jibu hilo papo hapo. ARM920T, iliyojengwa juu yake, ina kache ya kilobaiti 16 ya amri na nyingine ya kilobaiti 16 ya data. Intel nao walipita njia hiyohiyo: 486 ya mwaka 1989 ilikuwa na kache moja ya pamoja ya kilobaiti 8, na Pentium ya 1993 ikaja na mbili za kilobaiti 8 kila moja. 486 iliweza kuvumilia mlango mmoja kwa sababu ilichota baiti 16 kwa mpigo na kuziweka kwenye foleni. Baiti 16 ni amri kadhaa za mashine ile, kwa hiyo mchotaji hakuja mlangoni kila mzunguko. Hila hiyo inapunguza mgongano bila kuumaliza.

Kwa mradi wako kuna njia fupi kabla ya kujenga kache. Ikiwa unatumia bodi ya FPGA, vizuizi vyake vya kumbukumbu mara nyingi vina milango miwili. Uelekeze mmoja kwa mchotaji na mwingine kwa hatua M, na mgongano umekwisha hata bila kache. Ila soma maelezo ya kipande chako kwa makini. Katika familia ya 7 ya Xilinx kila mlango unaweza kusoma na kuandika, na hiyo inatosha. Katika iCE40 kizuizi kina mlango mmoja wa kusoma na mmoja wa kuandika. Hapo `sw` haitagombana na mchotaji, kwa sababu mmoja anaandika na mwingine anasoma, lakini `lw` itagombana naye kama zamani, kwa sababu wote wawili wanasoma. Ukiona viputo vimebaki kwa `lw` peke yake, chanzo ni hicho. Suluhisho ni kuweka nakala mbili za kumbukumbu: kila `sw` inaandika kwenye zote, mchotaji anasoma ya kwanza, hatua M inasoma ya pili. Unalipa kwa ukubwa maradufu. Kumbuka pia kwamba vizuizi hivi hujibu kwa ukingo wa saa unaofuata, hivyo anwani lazima iwe tayari mapema kuliko katika kodi niliyoandika juu.

Ili uhakikishe kwamba mgongano umeondoka kweli, usitegemee jibu sahihi, maana hata mashine yenye viputo hutoa jibu sahihi. Pima mizunguko. Andika amri 100 za `addi` mfululizo, kisha amri 100 za `lw` zinazopakia kwenye rejista ambazo hakuna anayezitumia, na usome `mcycle` kabla na baada ya kila kundi:

```
csrr s0, mcycle
# amri 100
csrr s1, mcycle
sub  s2, s1, s0
```

Endesha kila kundi mara mbili na uchukue kipimo cha pili, ili kache ziwe zimeshajaa. Kwa mlango mmoja, kundi la `lw` litachukua karibu mizunguko 200 dhidi ya 100 za `addi`. Kwa kache mbili au milango miwili, makundi yote yanakaribia 100. Ukipata kitu cha katikati, kama 150, kuna mahali mgongano umeondolewa nusu. Kwa mfano umegawa kumbukumbu katika benki mbili, za maneno shufwa na witiri, na wateja wanaangukia benki moja mara nyingine.

Kugawa kache kunaleta kazi moja mpya, nayo utakutana nayo siku ya kwanza utakapoandika kipakiaji kinachopokea programu kupitia waya na kuiweka kwenye kumbukumbu. Programu hiyo inaandikwa kwa `sw`, kwa hiyo inaingia kwenye kache ya data. Ukiruka kwenda kuitekeleza, mchotaji anatazama kache ya amri, ambayo ama ina maneno ya programu iliyotangulia, ama inayaleta kutoka kumbukumbu kuu kabla ya kache ya data kuyamwaga huko. Kache hizi mbili hazijuani. Dalili yake ni programu inayokwenda mara ya kwanza baada ya kuwasha bodi, kisha ukipakia toleo jipya bila kuzima, vipande vya toleo la zamani vinaendelea kutekelezwa. Katika RISC-V amri ya kuwekwa baada ya kuandika na kabla ya kuruka ni `fence.i`, na kwenye vifaa vyako inapaswa kufanya mambo matatu kwa utaratibu huu: imwage bloku zilizobadilishwa za kache ya data, ifute kache nzima ya amri, kisha iondoe kwenye mkondo amri zilizokwisha kuchotwa nyuma yake. Ukisahau hilo la tatu, amri mbili au tatu za zamani zitapita hata kama kache ni safi.

Kwa mradi wako ningeanza na kilobaiti 2 za amri na kilobaiti 2 za data, bloku za baiti 16, na kache ya data inayoandika moja kwa moja hadi kumbukumbu kuu kila `sw` inapopita. Kwa namna hiyo hakuna bloku ya kumwaga, na `fence.i` yako inabaki kufuta kache ya amri na kuondoa amri zilizokwisha kuchotwa tu. Gharama ni kwamba kila `sw` sasa inatumia njia ya kumbukumbu kuu, ambako mchotaji aliyekosa naye anakuja. Weka foleni ya maneno 4 mbele ya njia hiyo, na kila `lw` iliyokosa iangalie kwanza kama neno lake bado limo ndani ya foleni. `fence.i` nayo isubiri foleni iishe kabla ya kufuta, la sivyo mchotaji ataleta maneno ya zamani kutoka kumbukumbu kuu.